Kidonge kimoja cha flukonazoli kwa fangasi za ukeni: kwa nini wakati mwingine hakifui dafu, na kwa nini anayerudiwa kila mara anahitaji mpango mwingine

Dirisha la Dawa (mleta uzi)

Wana jukwaa, salaam.

Mimi ni mfamasia, na katika kazi yangu ya dirishani hakuna sentensi ninayoisikia mara nyingi kuliko hii: "Nilimeza kile kidonge kimoja cha fangasi lakini zimerudi, kwa hiyo nipatie chenye nguvu zaidi." Sentensi hiyo huficha habari mbili tofauti kabisa. Yupo mwanamke anayemaanisha kwamba muwasho haukumwacha hata siku moja tangu ameze, na yupo anayemaanisha kwamba muwasho uliondoka wote, akakaa mzima kwa wiki sita, kisha ukaanza upya. Kwa yule wa kwanza dawa haikufanya kazi. Kwa huyu wa pili dawa ilifanya kazi yake vizuri, ila ugonjwa wake una tabia ya kurudi. Ndiyo maana kabla sijagusa kabati huuliza kwanza: uliisha kabisa? Na kama uliisha, ulikaa muda gani?

Nianze na namna kidonge chenyewe kinavyofanya kazi. Flukonazoli ya miligramu 150 ikimezwa mara moja hukaa mwilini kwa muda mrefu, kwani huchukua takriban saa 30 kupungua kwa nusu, na katika majimaji ya uke hubaki kwa kiwango cha kutosha kwa siku tatu hivi. Katika siku hizo huzuia fangasi kutengeneza mafuta maalumu yanayojenga utando wa seli zake, na kwa hiyo fangasi hushindwa kukua. Zingatieni neno kukua: kwa kiasi kikubwa dawa hii husimamisha fangasi kuliko kuiua, na kazi ya kusafisha kilichobaki huachiwa kinga ya mwili. Kwa mwanamke asiye na tatizo jingine, ambaye fangasi zake ni kandida albikansi na dalili zake si kali, hilo linatosha; kati ya wanawake kumi wa namna hiyo, wanane au tisa hupona. Nafuu huweza kuanza siku ya pili, lakini ngozi iliyokwisha kuchubuka huchukua siku kadhaa kutulia, kwa hiyo anayerudi dukani kesho yake asubuhi akisema dawa imeshindwa amewahi mno kuihukumu.

Sasa tuwatazame wale ambao muwasho haukuisha kabisa. Kwa uzoefu wangu, sababu inayoongoza ni kwamba hazikuwa fangasi. Uchafu mwepesi wa kijivu wenye harufu ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa, huelekea kwenye mvurugiko wa bakteria wa ukeni. Uchafu mwingi wa rangi ya manjano au kijani unaoambatana na maumivu unaweza kuwa trikomonasi. Na yote mawili hayaguswi na flukonazoli hata ukimeza boksi zima. Sababu ya pili ni ukali wa ugonjwa: mwanamke aliyevimba, mwekundu, mwenye mipasuko midogo kwenye mashavu ya uke, hatoshelezwi na kidonge kimoja, bali huhitaji cha pili baada ya saa 72. Sababu ya tatu ni aina ya fangasi, kwa maana zipo jamii za kandida ambazo dawa hii huzigusa kidogo tu au haizigusi kabisa. Wapo humu watu wa maabara wanaoweza kulieleza hilo vizuri kuliko mimi. Na kwa mgonjwa anayetumia rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu, flukonazoli huondolewa mwilini haraka kuliko kawaida, jambo ambalo ni nadra kuulizwa dirishani.

Wale wanaopona kisha wakarudiwa ndio hasa walionifanya nifungue uzi huu. Nitaeleza kisa cha mama mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike. Ana miaka 34, watoto wawili, na anatumia sindano ya uzazi wa mpango. Katika muda wa miezi kumi alikuwa amenunua kidonge kimoja kimoja mara nne, katika maduka tofauti, na kila muuzaji alimwona kama mgonjwa mpya. Tulipokaa na kalenda ya simu yake tukaona mpangilio: kila alipomeza, muwasho uliisha ndani ya siku tatu; alikaa kati ya wiki tano na nane; kisha ukarudi, mara nyingi katika wiki inayotangulia hedhi, pamoja na uchafu mweupe mzito mfano wa maziwa ya mgando, usio na harufu.

Sikumuuzia cha tano. Nilimwandikia tarehe zile kwenye karatasi na kumwelekeza hospitali yenye maabara akiwa bado na dalili. Huko daktari alimpima kwa spekulamu, karatasi ya pH, inayopima uchachu wa uke, ikaonyesha 4, darubini ikaonyesha fangasi zenye nyuzi, na sampuli ilipooteshwa ikatoka kandida albikansi. Sukari ilikuwa ya kawaida na kipimo cha VVU hakikuonyesha maambukizi. Maana yake fangasi zake ni zile zile za kawaida, na dawa ilikuwa inazifikia. Kilichokosekana ni muda.

Mpango aliopewa una sehemu mbili. Kwanza alimeza miligramu 150 siku ya 1, siku ya 4 na siku ya 7, ili kuzishusha fangasi hadi dalili ziishe kabisa. Kisha akaendelea na kidonge kimoja kila wiki kwa miezi 6. Yeye alichagua Jumapili jioni. Kidonge hicho cha kila wiki humezwa wakati mtu hana dalili yoyote, na hapo ndipo wengi huachia njiani, kwa sababu si rahisi kumeza dawa ya kitu ambacho hukioni. Huyu mama mwezi wa tatu alisafiri kwenda msibani, akaruka wiki mbili, muwasho ukarudi, na daktari akamwanzishia tena zile dozi tatu kabla ya kuendelea na za wiki.

Ieleweke pia kwamba mpango huu hauahidi uponyaji wa kudumu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004, ukiongozwa na Jack Sobel, ulifuatilia wanawake 387 wenye tatizo hili. Mwishoni mwa miezi 6 ya vidonge vya kila wiki, asilimia 90.8 walikuwa hawajarudiwa, ilhali waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa asilimia 35.9. Lakini miezi 6 baada ya kuacha, waliobaki salama walikuwa asilimia 42.9 dhidi ya 21.9. Mama huyu alimaliza, akakaa miezi mitatu, akarudiwa mara moja, na sasa yeye na daktari wanajadili kama aanze tena.

Kwa hiyo ukirudiwa mara tatu au zaidi ndani ya mwaka mmoja, usije dirishani kuomba kikali zaidi. Njoo na tarehe.

---

Chumvi ya Uvinza

Mkuu, nakushukuru kwa uzi, ila umelizunguka jambo lenyewe. Tatizo ni usugu. Watu wanameza dozi ndogo kila mwezi, fangasi zinaizoea dawa, basi. Dada yangu alikuwa na tatizo hilihili, nikamwambia ameze miligramu 150 kila siku kwa siku 14 mfululizo na mume wake ameze pia, na amepona hadi leo. Fangasi hizi ni za kuambukizana, usipomtibu mwanaume unajisumbua bure.

---

Dirisha la Dawa

Ndugu Chumvi, kuhusu usugu upo sahihi kwa sehemu. Kandida albikansi inaweza kuwa sugu, na wanaopata hali hiyo wengi wao ni wale waliotumia flukonazoli kwa vipindi vingi, hasa vifupi na vya kujinunulia. Hata hivyo, usugu ukiwepo mgonjwa hapati nafuu. Mtu anayepona ndani ya siku tatu kila mara anapomeza, fangasi zake bado zinaisikia dawa, na kumwongezea dozi ya kila siku ni kumwongezea kichefuchefu na mzigo wa ini.

Kuhusu waume, fangasi hizi kwa kawaida huishi ndani ya mwanamke mwenyewe, ukeni na katika utumbo, na wapo wanawake wengi wenye kandida ukeni wasiowashwa hata kidogo. Tafiti za kuwatibu waume hazikuonyesha kwamba wake zao walirudiwa mara chache zaidi. Mume hutibiwa akiwa na dalili zake, yaani wekundu na muwasho kwenye kichwa cha uume, na mara nyingi krimu humtosha.

---

Chumvi ya Uvinza

Sawa, nimekuelewa kwenye dozi. Kwenye la mume bado sijashawishika, maana dada yangu amepona na huo ndio ushahidi nilio nao.

---

Mama Faraja

Naomba nilete la kwangu. Nina miaka 52 na kisukari tangu muda mrefu. Natumia glibenklamidi, na mwaka huu daktari akaniongezea kidonge kipya kinachoitwa dapagliflozini, na sukari kweli imeshuka. Lakini tangu nianze hicho kipya nawashwa huko chini hadi usiku silali. Nimemeza flukonazoli mara mbili. Mara ya pili, kesho yake nilitetemeka na kutoka jasho jingi nikadhani ni malaria. Je, hii nayo ndiyo ile ya kurudia?

---

Dirisha la Dawa

Mama Faraja, asante sana kwa kueleza, kwa sababu umegusa mambo mawili makubwa.

Hicho kidonge kipya hushusha sukari kwa kuitoa kupitia mkojo. Mkojo wenye sukari hupita pale pale kila siku, na fangasi hustawi. Ni athari inayojulikana ya dawa za kundi hilo. Kwa hiyo ukimeza flukonazoli leo, kesho chanzo bado kipo. Usikiache mwenyewe, kwani kina faida kwa moyo na figo, lakini mwambie daktari aliyekiandika waziwazi kwamba unawashwa na lini ulianza. Yeye ndiye atakayepima kati ya kukiacha, kukibadilisha, au kukuwekea mpango wa kuzuia fangasi huku ukiendelea nacho.

La pili linanitia wasiwasi zaidi. Flukonazoli huzuia ini kuiondoa glibenklamidi, hivyo glibenklamidi hubaki nyingi kwenye damu na sukari huweza kushuka kupita kiasi. Kutetemeka na kutoka jasho kulikokupata kunafanana sana na sukari kushuka. Usimeze tena flukonazoli bila daktari wako kujua; kwa mgonjwa kama wewe dawa ya kuweka ukeni, kama klotrimazoli, ni salama zaidi kwa upande huo. Hali ile ikikurudia, pima sukari papo hapo kama una kipimo, unywe kitu chenye sukari, kisha uende kituo cha afya.

Wengine mnaotumia warfarini au fenitoini, nanyi msinunue flukonazoli kimya kimya, kwani hali ni ya namna hiyohiyo.

---

Baba Ebo

Habari zenu. Mtoto wangu wa miezi miwili ana utando mweupe mdomoni, na nimeambiwa ni fangasi hizi hizi. Hicho kidonge cha miligramu 150 naweza kukifungua nikampa robo ya unga wake?

---

Dirisha la Dawa

Hapana, Baba Ebo, usifanye hivyo. Uzi huu unahusu fangasi za ukeni kwa watu wazima. Kwa mtoto mchanga ipo dawa ya matone ya nistatini ya kupaka mdomoni, na mama anayenyonyesha naye hukaguliwa chuchu. Mpeleke kliniki leo au kesho wamwone.

---

Darubini

Ndugu Dirisha, umetuita watu wa maabara, nami nimekuja. Nafanya kazi kwenye maabara ya hospitali na ningependa kueleza kinachotuponyoka sisi wenyewe.

Mnaposikia kwamba darubini haikuona fangasi, ulizeni imetazamwaje. Tone la majimaji likichanganywa na potasiamu hidroksaidi ya asilimia 10, seli za mwanamke huyeyuka na fangasi hubaki zikionekana. Kandida albikansi hujitangaza kwa nyuzi zake ndefu. Kandida glabrata haitoi nyuzi kabisa. Ni vijiduara vidogo vinavyochipua, na mtu mwenye foleni ya sampuli sitini mezani huvipita akidhani ni uchafu wa slaidi. Kwa hiyo kipimo cha darubini kikiwa hasi kwa mwanamke mwenye dalili, bado sampuli inastahili kuoteshwa.

Glabrata ndiyo ninayoikuta kwa wale waliomeza flukonazoli mara nyingi bila nafuu, hasa wenye kisukari na wenye umri mkubwa kidogo. Ipo pia krusei, ambayo ni sugu kwa flukonazoli kwa maumbile yake, ingawa huonekana kwa nadra. Na kuna jambo ambalo hata madaktari hawalizungumzi sana: sisi hupima nguvu ya dawa maabara katika mazingira ya pH 7, ilhali uke wenye afya una pH ya 4 hivi. Katika uchachu huo flukonazoli hupungua makali, hasa dhidi ya glabrata. Ndiyo maana karatasi ya majibu inaweza kusema fangasi inaisikia dawa, na mgonjwa bado akajikuna.

Kwa glabrata, matibabu yanayojulikana ni vidonge vya asidi ya boriki vya miligramu 600, vinavyowekwa ukeni kila usiku kwa wiki mbili hadi tatu.

---

Dirisha la Dawa

Asante, Darubini. Niongeze onyo kwenye hiyo aya yako ya mwisho kabla mtu hajakimbilia dukani. Asidi ya boriki ikimezwa ni sumu, na haitumiwi kabisa kwa mjamzito. Unga unaouzwa kwa ajili ya mende si dawa ya binadamu na haujapimwa kwa ajili hiyo. Mfamasia anayejua kazi yake hupima miligramu 600 za unga safi wa daraja la dawa, akaujaza ndani ya kapsuli tupu za jelatini, akaandika kwenye kopo kwa herufi kubwa kwamba haimezwi, na humfanyia hivyo mtu ambaye sampuli yake imekwisha kuoteshwa na ameandikiwa na daktari. Pasipokuwa na hiyo, vidonge vya nistatini vya kuweka ukeni kwa siku 14 navyo hutumika.

---

Mkaazi wa Kisauni

Assalaam aleikum. Mimi huku Mombasa nilihangaika karibu miaka miwili. Uchafu sikuwa nao, ni kuwashwa tu kwa nje, na kila duka nilipewa kidonge kimoja pamoja na krimu ile yenye dawa tatu ndani yake, ya fangasi, ya bakteria na ya kupunguza muwasho. Nikipaka napata raha siku mbili tatu, nikiacha unarudi mara mbili. Mwisho daktari wa ngozi akanitazama tu kwa macho, akaniambia ngozi imekuwa nyeupe na nyembamba, akachukua kipande kidogo akakipeleka kupimwa. Ikawa ni ugonjwa wa ngozi, wala hapakuwa na fangasi. Nasema haya ili wanawake wakubali kutazamwa. Mimi nilikuwa naona haya.

---

Dirisha la Dawa

Wa aleikum salaam, dada. Kisa chako kinafaa kusomwa na wauzaji wote wa dawa, nami nikiwemo. Krimu hizo za mchanganyiko zina steroidi yenye nguvu, mara nyingi betamethasoni. Steroidi hutuliza muwasho wa kila kitu, iwe fangasi, mzio wa sabuni au ugonjwa wa ngozi, kwa hiyo mgonjwa huamini kwamba dawa imepata ugonjwa. Kumbe kama ni fangasi huendelea kukua chini yake, na kama ni ngozi hupata dozi isiyo na mpango wala mwisho. Nafuu ya siku mbili kutoka kwenye krimu ya namna hiyo haithibitishi chochote.

Muwasho wa nje tupu, usio na uchafu, usioitikia flukonazoli, unapaswa kutazamwa na mtu mwenye taa na macho. Na kabla ya hapo, acheni kuosha sehemu hiyo kwa sabuni zenye dawa, maji ya kuulia vijidudu, na manukato ya kujifukiza. Maji matupu yanatosha.

---

Kijukuu

Shikamoo. Naomba msinicheke. Nina mimba ya wiki tisa na wiki iliyopita nilimeza kidonge kimoja cha miligramu 150 kwa sababu ya muwasho. Sikuwa najua kwamba ni mjamzito. Sasa nimesoma hapa nimeogopa. Na muwasho bado upo kidogo.

---

Dirisha la Dawa

Marahaba mwanangu, hakuna wa kukucheka hapa.

Flukonazoli ya kumeza haishauriwi kwa mjamzito. Utafiti wa Denmaki uliochapishwa mwaka 2016 uliona kwamba waliomeza flukonazoli wakiwa wajawazito walipata mimba kuharibika mara nyingi zaidi kuliko wasioimeza. Hilo ni ongezeko la hatari, wala halina maana kwamba mimba yako itaharibika. Madhara ya ulemavu wa mtoto yaliyoripotiwa yalihusu hasa dozi kubwa za kila siku kwa muda mrefu, na wewe umemeza mara moja. Usimeze tena. Nenda kliniki ya wajawazito wiki hii, waeleze tarehe na dozi, waiandike kwenye kadi yako. Ukitokwa na damu au ukapata maumivu makali ya tumbo, usisubiri siku ya kliniki.

Kwa muwasho uliobaki, waombe wakupime kwanza. Wakithibitisha fangasi, utapewa klotrimazoli ya kuweka ukeni kwa usiku 7. Kwa mjamzito siku hizo saba hazifupishwi, kwani homoni za ujauzito zenyewe huipendelea fangasi.

---

Darubini

Ndugu Dirisha, kuna jambo nataka tulijadili bila kuogopana. Umesema mgonjwa wako alioteshwa sampuli ndipo akaanza dozi za kila wiki. Vizuri. Lakini zahanati nyingi hazioteshi. Mwanamke akifika na uchafu hutibiwa kwa kufuata dalili, akapewa mchanganyiko wa dawa, akaondoka. Wewe ungemfanyaje mwanamke wa huko aliyerudiwa mara nne, ambaye safari ya kufika kwenye maabara ni nauli ya siku nzima?

---

Dirisha la Dawa

Ni swali gumu. Kwa mtazamo wangu, daktari anaweza kuanza mpango wa miezi 6 bila kuotesha ikiwa mambo kadhaa yamekaa sawa: dalili ni za fangasi hasa, karatasi ya pH haizidi 4.5, kila dozi iliyopita ilimpa nafuu kamili, sukari na VVU vimepimwa, na ana uhakika wa kutopata mimba katika muda huo. Karatasi ya pH si kitu cha gharama na haihitaji umeme. Akipata nafuu kamili kila mara, uwezekano wa kuwa na glabrata ni mdogo.

---

Darubini

Hapo tunatofautiana. Nafuu ni maneno ya mgonjwa, na mgonjwa aliyepakwa steroidi, kama dada yetu wa Kisauni, naye angekuambia amepata nafuu kamili. Miezi 6 ya flukonazoli kwa mtu ambaye hujui fangasi yake ni kuifuga ile isiyoisikia dawa, kwa sababu zile zinazoisikia zinaondoka na kuiachia nafasi. Mimi ningesema sampuli moja tu ioteshwe kabla ya kuanza, hata kama pamba ya sampuli itasafirishwa huku mgonjwa akibaki nyumbani.

---

Dirisha la Dawa

Nakubali hoja ya steroidi. Ni lazima iulizwe kabla ya kuamini neno "nafuu". Kuhusu kumchelewesha kila mtu hadi sampuli ifike mjini na majibu yarudi, bado sikubali, kwa sababu huyo mwanamke katika kusubiri hataacha kujinunulia kidonge kimoja kimoja. Nadhani hapa kila mmoja anamwona yule mgonjwa anayemfikia yeye.

---

Mama Faraja

Nimerudi. Nimemwona daktari. Amesimamisha kile kidonge kipya kwa sasa, amenipa klotrimazoli ya kuweka, na glibenklamidi ameipunguza kwa sababu nyingine za figo. Amechukua pia pamba ya kuotesha. Swali langu kwa Darubini: nimeambiwa nirudi wiki ijayo kuchukuliwa pamba nyingine, kwa sababu ya kwanza imechukuliwa nikiwa nimeshaanza klotrimazoli usiku mmoja. Ni kweli inaharibu?

---

Darubini

Ndiyo, Mama, inaweza kuharibu majibu, kwa maana dawa iliyomo ukeni huingia kwenye pamba na kuzuia fangasi kuota, nasi tukaandika "hakuna kilichoota" wakati zipo. Lakini wiki ijayo utakuwa bado na dawa mwilini, kwa hiyo pamba hiyo nayo haitasema mengi. Muulize daktari kama unaweza kumaliza klotrimazoli yako kwanza, kisha muwasho ukirudi uende siku hiyohiyo, kabla hujaweka wala kumeza chochote. Na kwenye fomu waombe waandike "kubaini aina ya kandida", kwa sababu wasipoandika, maabara nyingi zitakujibu "fangasi zimeonekana" na kuishia hapo.